Umenunua hisa, wakurugenzi hawataki kukuandika kwenye daftari: una haki gani?

*"Nimenunua hisa 300 za kampuni binafsi yenye hisa 1,000, kutoka kwa mwanahisa aliyeamua kujitoa. Nimemlipa zote. Tulisaini hati ya uhamisho, na tarehe 10 Februari nikaipeleka ofisi ya kampuni pamoja na cheti chake cha hisa. Leo ni tarehe 6 Mei. Wakurugenzi wako wawili: mmoja hana tatizo na mimi, mwingine ameniambia kwa simu kwamba hawanitaki. Sijapewa barua yoyote. Je, mimi ni mwanahisa au siyo? Na wana haki ya kunikatalia?"*

Ndugu yangu, hujawa mwanahisa bado. Lakini kwa jinsi ulivyoeleza, inaelekea sana kwamba nafasi ya wakurugenzi kukukatalia imeshawapita, na unaweza kuwalazimisha wakuandike. Nasema "inaelekea" kwa sababu kuna mambo matatu ambayo hukuyataja na ambayo yanaweza kugeuza jibu, nami nitayafikia moja baada ya jingine.

Ninachoeleza hapa ni sheria ya makampuni yenye asili ya Uingereza, ambayo nchi nyingi za Jumuiya ya Madola zimeirithi. Misingi yake inafanana, ila muda na namba za vifungu hutofautiana. Kwa hiyo ukishamaliza kusoma, chukua sheria ya makampuni ya nchi yako na katiba ya kampuni yenyewe, uweke pembeni ya maelezo haya. Katiba ya kampuni ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu mamlaka ya kukataa uhamisho hutoka humo.

Ulicho nacho sasa

Watu wengi hudhani hisa huhama siku pesa inapolipwa, au siku hati inaposainiwa. Sivyo. Mtu huwa mwanahisa pale tu jina lake linapoandikwa kwenye daftari la wanahisa la kampuni. Hadi siku hiyo, kwa macho ya kampuni, mwenye hisa 300 ni yule aliyekuuzia. Mwaliko wa mkutano mkuu utaenda kwake, kura itahesabiwa kwa jina lake, na gawio likitangazwa kampuni itamlipa yeye bila kufanya kosa lolote.

Hata hivyo huko mikono mitupu. Kati yako na muuzaji, hisa zile ni zako. Kwa kuwa umeshalipa bei yote, anazishika kwa niaba yako: gawio akilipokea ni lako, na akipiga kura anatakiwa apige unavyotaka wewe. Hilo lina uzito mkubwa kipindi hiki cha kusubiri. Mwandikie leo umwambie akukabidhi chochote atakachopokea kutoka kwenye kampuni, na asipige kura wala kumpa mtu uwakilishi bila kukuuliza. Ila kampuni yenyewe haihusiki na makubaliano yenu hayo. Kwa sheria ya Uingereza, na nyingi zilizofuata mkondo wake, kampuni hairuhusiwi hata kuandika kwenye daftari kwamba fulani anamshikia fulani hisa.

Jambo jingine linalowashtua wanunuzi ni hili: wakurugenzi wakikataa kihalali, mauzo hayavunjiki yenyewe. Muuzaji aliyekupa hati iliyosainiwa vizuri na cheti chake kwa kawaida ametimiza wajibu wake. Hakuahidi kwamba kampuni itakukubali, labda kama mkataba wenu ulisema hivyo. Soma mkataba wako. Kama kuna kipengele kinachosema mauzo yanategemea kusajiliwa, unaweza kudai pesa yako irudi. Kama hakipo, utabaki na hisa ambazo ni zako kwa muuzaji lakini si zako kwenye daftari. Ndiyo sababu mimi humshauri kila mnunuzi wa hisa za kampuni binafsi asitoe bei yote kabla jina lake halijaandikwa. Kwako hilo limepita, basi tuendelee na lililopo.

Je, makaratasi yako yalikamilika?

Hapa ndipo penye jambo la kwanza kati ya yale matatu. Muda wa wakurugenzi kujibu huanza kuhesabiwa pale kampuni inapopokea hati sahihi ya uhamisho. Hati yenye kasoro haianzishi muda, na kuikataa hakuhitaji mjadala wowote wa bodi: katibu anaweza kuirudisha na kukwambia kilichokosekana.

Hati sahihi haihitaji maneno mengi. Inataja jina la kampuni, aina na idadi ya hisa, bei, jina na anwani ya muuzaji, jina na anwani ya mnunuzi, na imesainiwa na muuzaji. Kama hisa hazijalipiwa kikamilifu kwa kampuni, mnunuzi naye kwa kawaida husaini, kwa sababu anabeba deni lililobaki. Makubaliano ya mdomo hayatoshi hata kama kila mtu anayakubali. Kampuni inakatazwa kuandika uhamisho usio na hati.

Kasoro inayowanasa wengi ni ushuru wa stempu. Nchi nyingi hutoza ushuru kwenye hati ya kuhamisha hisa, na hati isiyolipiwa haipaswi kupokelewa na kampuni. Nyingine zinadai pia uthibitisho wa mamlaka ya mapato kuhusu kodi ya faida ya muuzaji. Mtu anafikisha hati ofisini mwezi wa pili, anaenda kulipa ushuru mwezi wa nne, halafu anahesabu muda kuanzia mwezi wa pili. Mahakamani hesabu hiyo haitasimama. Angalia muhuri au risiti yako ina tarehe gani. Kama ni ya kabla ya 10 Februari, au nchi yako haitozi ushuru huo, uko salama kwenye hili.

Angalia pia una nini cha kuthibitisha kwamba ulipeleka. Nakala ya barua ya kufikishia nyaraka iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ndiyo bora. Barua pepe kutoka kwa katibu inayokiri kupokea inatosha. Kama huna hata kimoja, tafuta kitu kilichoandikwa baada ya siku hiyo ambacho kinaonyesha nyaraka wanazo. Hata ujumbe mfupi wa yule mkurugenzi anayekukataa, akitaja hati yako, unasaidia.

Haki ya wengine kununua kwanza

Jambo la pili ndilo zito kuliko yote, nami ningelichunguza kabla ya kuandika barua yoyote ya ukali. Katiba nyingi za kampuni binafsi zinasema mwanahisa anayetaka kuuza lazima kwanza awape wanahisa wenzake nafasi ya kununua. Utaratibu wa kawaida ni kwamba muuzaji anaipa kampuni taarifa ya maandishi ya nia yake na bei, kampuni inawatangazia wanahisa wengine kwa mgao wa hisa zao, wanapewa siku kadhaa za kujibu, na zikibaki ndipo mtu wa nje anaruhusiwa kununua, mara nyingi kwa bei isiyopungua ile waliyotangaziwa wenzake.

Kama muuzaji wako aliruka hatua hiyo, hoja ya muda haitakusaidia. Wakurugenzi hawatakuwa wanatumia hiari yao. Watakuwa wanatii katiba, na wajibu wao ni kukataa. Hata wangekuandika kwa makosa, mwanahisa mwenzenu aliyenyimwa nafasi yake angeweza kwenda mahakamani na jina lako likafutwa. Kwa hiyo muulize muuzaji swali moja la wazi: ulitoa taarifa ya kuuza, na wenzako walijibu nini? Omba nakala. Mkurugenzi anayesema tu "hatukutaki" anaweza kuwa na hoja hii mfukoni bila kujua namna ya kuieleza.

Ikiwa utaratibu haukufuatwa, dawa ni kurudi nyuma na kuufuata upya. Ni afadhali kuliko kwenda kushindana mahakamani juu ya uhamisho ambao msingi wake umepinda.

Mamlaka ya kukataa yanatoka wapi

Hisa ni mali, na mwenye mali ana haki ya kuiuza kwa amtakaye. Huo ndio msingi ambao majaji huanzia. Mkurugenzi hazaliwi na mamlaka ya kumkataa mnunuzi kwa sababu tu ni mkurugenzi. Lazima aonyeshe kipengele cha katiba kinachompa mamlaka hayo. Kama katiba iko kimya, na hakuna sheria inayozuia, kazi ya wakurugenzi ni kuandika jina.

Vipengele hivyo huja kwa sura mbili kuu. Sura ya kwanza hutaja sababu. Kwa mfano, wanaweza kukataa hisa ambazo hazijalipiwa kikamilifu, hisa ambazo kampuni inazishikilia kwa deni, hati isiyoambatana na cheti, au hati moja inayochanganya aina mbili za hisa. Katiba ikitaja sababu, wakurugenzi wamefungwa na hizo. Hawawezi kuongeza nyingine kichwani mwao.

Kesi ya Bede Steam Shipping, iliyoripotiwa Uingereza mwaka 1917, inalionyesha hilo vizuri. Katiba iliwaruhusu wakurugenzi kumkataa mnunuzi kama kwa maoni yao si kwa faida ya kampuni yeye kuwa mwanahisa. Wakakataa uhamisho kwa sababu hawakupenda muuzaji agawanye hisa zake vipande vidogo kwa watu mbalimbali. Mahakama ikasema hapana: kipengele kinahusu mnunuzi mwenyewe, yaani kama yeye hafai, na hakihusu kile ambacho muuzaji anafanya na hisa zake. Hawakuwa na pingamizi juu ya mnunuzi, kwa hiyo hawakuwa na sababu.

Sura ya pili ni pana zaidi: "wakurugenzi wanaweza, kwa hiari yao kamili, kukataa kusajili uhamisho wowote." Kampuni nyingi binafsi zina maneno ya namna hii. Kama ya kwenu ndiyo hayo, usijidanganye kwamba ni rahisi kuyapinga. Kesi ya Smith na Fawcett ya mwaka 1942 ndiyo kipimo mpaka leo. Kampuni ilikuwa na wakurugenzi wawili, na kila mmoja alikuwa na hisa 4,001. Mmoja akafariki. Mtoto wake, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, akaomba aandikwe. Mkurugenzi aliyebaki akamwingiza mwingine kwenye bodi, wakakataa. Akajitolea kusajili hisa 2,001 iwapo 2,000 zilizobaki angeuziwa yeye kwa bei aliyoipanga mwenyewe.

Kwa mtu wa kawaida hilo lina harufu mbaya. Mahakama ya Rufani ya Uingereza hata hivyo iliuacha uamuzi wake usimame. Jaji Greene alisema wakurugenzi wanatakiwa kutumia mamlaka yao kwa nia njema, kwa kile wanachoona wao, na si kile ambacho mahakama ingeona, kuwa ni kwa faida ya kampuni, na wasiyatumie kwa lengo la pembeni. Kwenye ushahidi uliokuwa mbele yake hakukuwa na uthibitisho wa kutosha wa nia mbaya. Mzigo wa kuthibitisha ulikuwa kwa mlalamikaji, na hakuutua.

Basi chini ya kipengele kipana, kumpinga mkurugenzi kwamba hakufikiri vizuri ni kupoteza wakati. Kinachowezekana ni kuonyesha kwamba hakuwa akifikiria kampuni kabisa: kwamba alitaka hisa zile azinunue mwenyewe kwa bei ya chini, au alikuwa akilipiza ugomvi binafsi, au alimkataa mtu bila bodi kuzingatia chochote. Hayo huthibitishwa kwa maandishi yao wenyewe, kwa barua na ujumbe, mara chache sana kwa kitu kingine. Ndiyo maana nasisitiza uhifadhi kila walichokuandikia.

Kukataa ni tendo, na lina utaratibu wake

Hapa sasa ndipo nguvu ya hoja yako ilipo, hata kama katiba yao ina maneno mapana kiasi gani. Haki ya kuandikwa ipo tangu mwanzo. Mamlaka ya kukataa ni kitu cha kuizuia. Mamlaka hayo yasipotumika, au yakitumika vibaya, haki inabaki pale pale. Wakurugenzi hawawezi kukukatalia kwa kunyamaza. Lazima wakae, wapige kura, wapitishe azimio la kukataa, na wafanye hivyo ndani ya muda.

Chukua kwanza suala la kura. Mamlaka ni ya bodi, si ya mkurugenzi mmoja. Bodi ya watu wawili ambapo mmoja anakubali na mmoja anakataa haijakataa. Kura zimelingana na azimio limeanguka. Na azimio la kukataa likianguka, matokeo yake si kwamba uhamisho nao umeanguka. Matokeo ni kwamba unaandikwa. Mahakama za Uingereza zilishasema hivyo kwenye kesi ya Hackney Pavilion, iliyoripotiwa mwaka 1924, ambako kura zililingana, na msimamo huo umefuatwa baadaye.

Kuna mtego mmoja hapo. Katiba nyingi humpa mwenyekiti kura ya pili pale kura zinapolingana. Ikiwa yule anayekukataa ndiye mwenyekiti na katiba inampa kura hiyo, na kikao kilifanyika kweli, basi anaweza kupitisha azimio peke yake. Hili ndilo jambo la tatu la kuangalia. Soma kipengele cha vikao vya wakurugenzi.

Wapo wanaojaribu njia nyingine: mkurugenzi anayepinga haji kikaoni kabisa, ili akidi isitimie na suala libaki hewani. Kwenye kesi ya Copal Varnish ya mwaka 1917 katiba ilitaka ridhaa ya wakurugenzi kabla ya uhamisho, na mmoja wa wakurugenzi wawili akakwepa kikao kwa makusudi. Mahakama iliamuru uhamisho usajiliwe. Haki ya mwanahisa haiwezi kushikwa mateka na mtu anayekataa kuja kazini.

Sasa muda. Sheria ya Makampuni ya Uingereza ya mwaka 2006 inasema kampuni lazima isajili uhamisho, au impe mnunuzi taarifa ya kukataa pamoja na sababu, mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya miezi 2 tangu hati ilipofikishwa. Sheria nyingi za mkondo huu zina ukomo unaofanana, ila thibitisha wa kwenu. Kabla ya sheria hiyo, kesi ya Swaledale Cleaners ya mwaka 1968 ilikuwa tayari imeweka msingi: wakurugenzi wakikaa bila kuamua muda usio wa lazima, mamlaka ya kukataa yanakufa. Pale walikuja na azimio la kukataa baada ya takriban miezi minne, na mahakama ikasema wamechelewa.

Tuweke tarehe zako. Hati ilifika 10 Februari. Kwa kipimo cha miezi 2, mwisho ni 10 Aprili. Leo ni 6 Mei. Hakuna barua. Simu ya mkurugenzi mmoja si azimio la bodi na si taarifa ya kukataa. Ikiwa hapakuwa na kikao chochote kabla ya 10 Aprili, au kilikuwepo na kura zikalingana bila mwenyekiti kuwa na kura ya ziada, mamlaka ya kukataa yameisha, na hata wakikaa kesho wakapitisha azimio zuri lenye sababu nzuri, wamechelewa.

Lakini usikimbilie kushangilia kwa sababu tu barua hukupata. Tofautisha kuamua na kutaarifu. Kwenye kesi ya Popely na Planarrive, iliyoamuliwa Uingereza katika miaka ya 1990, wakurugenzi waliamua kukataa mapema kabisa, ila hawakumtaarifu mnunuzi ndani ya muda. Mahakama ilisema uamuzi unabaki halali. Kushindwa kutaarifu ni kosa lenye adhabu yake, lakini halifuti azimio. Kwa hiyo swali la kuwauliza ni hili hasa: je, kabla ya 10 Aprili kulikuwa na kikao kilichopitisha azimio la kukataa, na kilikuwa tarehe ngapi? Sheria ya Uingereza inakupa haki ya kudai sababu na ufafanuzi wa sababu hizo, ingawa haikupi nakala ya muhtasari wa kikao. Muhtasari huo utauona mkifika mahakamani. Na hapo uuangalie vizuri, maana muhtasari ulioandikwa mwezi wa tano na kuwekewa tarehe ya mwezi wa tatu hujulikana: namba za kikao haziendi sawa na za kabla na baada yake, au mkurugenzi wa pili anasema hakuwahi kuitwa. Kwako yule wa pili hana tatizo nawe. Neno lake litakuwa ushahidi mkubwa kuliko karatasi.

Kuandikwa vizuri kunaonekanaje

Wakikubali, usiridhike na kuambiwa "tayari". Daftari la wanahisa hutunzwa na kampuni yenyewe, na haliko sawa na kumbukumbu za msajili wa makampuni. Watu huangalia mtandaoni kwa msajili, wasione jina lao, wakadhani wameibiwa. Wengine huliona kwenye ripoti ya mwaka wakadhani wamemaliza. Kumbukumbu za msajili hufuata daftari, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Kinachokufanya mwanahisa ni daftari.

Omba kuliona. Kwenye ukurasa wa muuzaji wako panapaswa kuwa na mstari unaopunguza hisa 300, wenye tarehe na namba ya uhamisho. Kama alikuwa na hizo 300 tu, iandikwe pia tarehe aliyoacha kuwa mwanahisa. Jina lake halifutwi wala kuchanwa, linabaki kwa miaka ambayo sheria inataka, ambayo kwa Uingereza ni 10. Ukurasa wako mpya uwe na jina, anwani, tarehe uliyoandikwa, idadi na aina ya hisa, kiasi kilicholipiwa, na namba za hisa kama zina namba. Namba ya uhamisho kwenye kurasa zote mbili iwe moja. Jumla ya daftari zima iendelee kuwa 1,000. Ikizidi au ikipungua, kuna mstari uliosahaulika, na kosa hilo huja kusumbua miaka mingi baadaye, kwenye mirathi au kampuni inapouzwa.

Halafu cheti cha zamani kifutwe, kitolewe kipya kwa jina lako. Cheti ni ushahidi wa kilichomo daftarini. Cheti bila mstari wa daftari hakikufanyi kuwa mwanahisa.

Hatua zako kuanzia leo

Maliza kwanza ukaguzi wa yale matatu: ushuru, haki ya kununua kwanza, na kura ya mwenyekiti. Yakiwa safi, andika barua kwa kampuni kupitia kwa katibu, nakala kwa wakurugenzi wote wawili. Taja tarehe 10 Februari, orodhesha ulichofikisha, uliza lile swali la kikao na azimio, na udai uandikwe ndani ya siku 14. Usiweke matusi wala historia ya ugomvi. Mwombe muuzaji naye aandike barua yake, kwa sababu sheria inamruhusu hata yeye aliyehamisha kuomba uhamisho usajiliwe, na ombi lake linafunga mdomo wa anayetaka kusema mauzo hayakuwepo.

Wasipojibu, njia ni kuomba mahakama irekebishe daftari. Mahakama inaweza kuamuru jina lako liingizwe, na inaweza kuamuru kampuni ikulipe fidia ya hasara uliyopata. Mara nyingi kesi ya namna hii huamuliwa kwa viapo na nyaraka. Ikihitaji mashahidi wengi na ubishi wa nani alidanganya, itachukua muda mrefu zaidi. Ambatanisha hati ya uhamisho, uthibitisho wa kupokelewa, risiti ya ushuru, katiba ya kampuni, barua yako na ya muuzaji, na kiapo cha yule mkurugenzi asiye na tatizo nawe iwapo yuko tayari.

Na usikawie. Kadiri daftari linavyobaki na jina la mwenzako, ndivyo hatari inavyokua: anaweza kufariki, akafilisika, au akasaini hati nyingine kwa mtu mwingine ambaye akaandikwa kabla yako bila kujua habari zako. Mtu huyo wa pili, akiwa alinunua kwa nia njema na ameshaandikwa, ni mgumu sana kumng'oa. Kwa sababu hiyo barua kwa kampuni iseme pia, kwa sentensi moja iliyo wazi, kwamba hisa hizo 300 zimeshauzwa kwako na cheti chake halisi mmewakabidhi tangu tarehe 10 Februari, ili wasije wakapokea hati nyingine juu ya hisa hizo hizo wakasema hawakujua.